Usiuze "bei yoyote" kwenye mnada wa kufunga: mimi nililiwa peni 17 kwa kila hisa

> Wakuu, nina hisa 5,000 za kampuni ndogo pale London. Skrini inaonyesha bei ya makisio ya mnada wa kufunga ni peni 98. Nimeweka oda ya soko, yaani nauza kwa bei yoyote. Nisubiri tu? Bei rasmi wanaipataje?

Futa hiyo oda. Futa kwanza, ndipo usome.

Hiyo 98 si bei mkuu, ni makisio ya dakika hiyo. Kuanzia saa 10:30 jioni ya London mpaka 10:35 oda zinakusanywa tu, hakuna kinachouzwa. Kila oda inapoingia au kutoka, mtambo unapiga hesabu upya na namba inabadilika. Na kutoka inaruhusiwa! Hilo ndilo sikuambiwa na yule kijana wa dalali wangu kwenye simu. Alinihakikishia kabisa, "Bosi, mnada wa kufunga ndio wenye bei ya haki, weka oda ya soko ukapumzike." Nikapumzika kweli. Kamisheni yake alikata kamili, hakupumzika hata senti.

Nilikuwa na hisa 4,000, na siku hiyo muuzaji nilikuwa peke yangu. Upande wa wanunuzi kulikuwa na mtu wa 3,000 kwa peni 100, mwingine wa 1,000 kwa 98, mwingine 2,500 kwa 90, na wa mwisho 3,000 kwa 81. Mtambo unatafuta bei moja itakayouza hisa nyingi kuliko zote. Kwa 98, wale wawili wa juu wanabeba 4,000 zangu zote. Bei za chini kidogo ya hapo nazo zingeuza hizohizo 4,000 bila kubaki kitu, lakini zikilingana hivyo inachukuliwa iliyo karibu na bei ya mwisho ya siku, ambayo ilikuwa 99. Ndiyo maana skrini ilisema 98. Nikaenda jikoni kusonga ugali.

Yule wa 3,000 akafuta oda yake.

Sasa piga hesabu upya. Kwa 98 zinauzika 1,000. Kwa 90 zinauzika 3,500. Zimebaki 500, na mimi nimesema bei yoyote, kwa hiyo mtambo unashuka mpaka kwa yule wa 81, kwa sababu hapo tu ndipo 4,000 zinaisha. Na mnadani bei ni moja kwa wote. Sikuuza 500 kwa 81, niliuza zote 4,000 kwa 81. Yule aliyekuwa radhi kulipa 98 naye alilipa 81, nadhani mpaka leo ananiombea dua. Hisa 500 tu ziliburuta kila kitu. Peni 17 mara 4,000 ni pauni 680.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba soko lenyewe lilinipa nafasi. Bei ilivyokengeuka mbali hivyo na ya mwisho, mnada uliongezwa dakika 5 ili watu waangalie tena oda zao. Dakika 5 nzima ningeweza kufuta. Mimi nageuza mwiko.

Ile 81 ndiyo ikawa bei rasmi ya kufunga. Kesho yake rafiki yangu akanitumia chati: "Hii kampuni imepatwa na nini?" Sikumjibu. Ilikuwa imepatwa na mimi. Asubuhi hiyohiyo watu wakaendelea kuuziana kwa 97.

Usije ukachanganya na Nairobi. Kule bei ya kufunga ni wastani wa biashara ya siku nzima, uliopimwa kwa wingi wa hisa, kwa hiyo mtu mmoja wa dakika za mwisho haivurugi kirahisi hivyo. Mimi nilikwenda London na mazoea ya Nairobi.

Basi weka kikomo. Ningeandika "nauza, si chini ya 95", zingeuzwa 1,000 kwa yule wa 98 na 3,000 zingebaki mkononi. Hata kikomo cha 90 kingeniuzia 3,500 kwa 90. Nilichong'ang'ania ni zile 500 za mwisho, nazo ndizo zilinila. Na wakikuambia oda ya soko inatangulia zile zenye kikomo, ni kweli, inatangulia. Hata kwenye shimo inatangulia.

Wewe una 5,000, zaidi ya zangu. Fungua kitabu cha oda, usiangalie ile namba moja ya juu, hesabu wanunuzi waliopo chini ya 98 na kila mmoja anataka ngapi. Kisha tupia picha ya skrini hapa kabla ya 10:35.