Sindano za mapafu kwa mimba ya wiki 30

"Mke wangu yuko Pate, mimba ya wiki 30. Uchungu ulimshika jana, ukatulia. Daktari wa Lamu ataka apigwe sindano za mapafu ya mtoto. Si yameshaumbika?"

Ndugu yangu, yameumbika ila hayajakomaa. Pafu huanza wiki ya 4 kama kichipukizi kwenye utumbo wa mbele wa kiinitete. Kichipukizi hicho hugawanyika mara mbilimbili, kama matawi ya mkoko, na kufikia wiki ya 17 njia kubwa za hewa zipo. Kisha mishipa ya damu huzisogelea, na tangu wiki ya 24 hivi seli maalumu huanza kutoa utelezi unaozuia vifuko vya hewa visigandamane. Wiki ya 30 utelezi huo bado haba. Vifuko vidogo kabisa huanza karibu wiki ya 36 na huendelea kuongezeka hata baada ya kuzaliwa.

Sindano huuharakisha utelezi. Dawa yenyewe, deksamethasoni, kwa kawaida hupigwa mama mara 4, kila saa 12, na hufaa zaidi mtoto akizaliwa kati ya saa 24 na siku 7 baada ya kuanza. Kwa hiyo mvushe bahari leo, kabla maji hayajakupwa. Dada yangu alingoja, akapata moja tu. Zipigwe hospitali yenye huduma ya watoto njiti, si dukani. Akiwa na homa au kisukari, mwambieni daktari kwanza.

Mtoto akizaliwa akiguna kila pumzi, mbavu zikibonyea, aitiwe daktari papo hapo.