Pakiti ya unga iliyotoka rafuni: gharama za duka na matumizi ya nyumbani

Mwaka wangu wa pili wa duka hapa Mombasa nilimpelekea mhasibu mmoja mzee daftari zangu anisaidie kujaza ritani ya mwaka. Alipekua kurasa kimya kwa muda, akapiga hesabu kidogo pembeni ya karatasi, kisha akaniuliza swali ambalo sikulitarajia.

“Mwanangu, nyumbani kwako unga mnanunua wapi?”

“Hatununui, mzee. Duka si liko pale pale?”

“Basi mwenye kuununua ni Serikali,” akasema, akanirudishia daftari.

Nilidhani najua kutenganisha mambo. Karo ya watoto sikuiandika kama gharama ya duka, wala nguo za sikukuu. Lakini matumizi ya nyumbani hayaingii kwenye hesabu kwa mlango wa mbele peke yake. Kwa mwenye duka la rejareja mlango mkubwa ni rafu, na ndio nitakaokaa nao zaidi hapa, kwa sababu karibu kila anayeanza hupita hapo bila kujua.

Kabla ya yote, jua uko kwenye kodi ipi. Duka ambalo mauzo yake ya mwaka ni kati ya shilingi milioni 1 na milioni 25 huwekwa kwenye kodi ya mauzo, ile tunayoiita TOT, ambayo tangu Julai 2023 ni asilimia 3 ya mauzo yote. Huko hakuna gharama inayokatwa. Ulipe pango, usilipe, asilimia 3 ni ile ile. Ukitaka gharama zako zihesabiwe, sheria inakuruhusu kumwandikia Kamishna barua kwamba umechagua kutoka TOT, kisha utozwe kodi ya mapato ya kawaida, kwa faida yako halisi. Duka la vyakula lina faida nyembamba, kwa hiyo wengi wetu hupata nafuu upande huu, kama hesabu nitakayoifanya itakavyoonyesha. Ila ukichagua hivyo, kila shilingi unayoiita gharama ni lazima uweze kuitetea.

Sheria ya Kodi ya Mapato, Sura ya 470, ina kipimo kimoja kikubwa: gharama inakubalika ikiwa imetumika yote na kwa ajili ya kuzalisha mapato hayo tu. Halafu inakataza waziwazi pesa za kujikimu wewe mwenyewe, familia yako na nyumba yako. Chakula chako cha mchana kinaangukia hapo, hata kama umekila umesimama nyuma ya kaunta. “Mshahara” unaojilipa mwenyewe pia. Wewe na duka lako ni mtu mmoja mbele ya kodi, PIN ni moja, na mtu hawezi kujiajiri mwenyewe. Pesa unayochukua kila wiki iandike kama pesa ya mwenye duka, ukurasa wake peke yake, isiguse faida. Mchango wa harusi ya jirani au wa matanga uliotolewa kwenye droo ya duka nao ni wako, japo mwombaji ni mteja wa kila siku.

Sasa turudi kwenye unga. Ugumu wake ni kwamba hukuuandika popote. Gharama ya bidhaa ulizouza hupatikana hivi: stoki ya mwanzo wa mwaka, ongeza manunuzi ya mwaka mzima, toa stoki ya mwisho wa mwaka. Kila kilichonunuliwa na hakipo rafuni tarehe 31 Desemba, hesabu hii inakichukulia kuwa kimeuzwa. Haijui kwamba pakiti nyingine zilikwenda jikoni kwako. Kwa hiyo chakula cha nyumbani kinageuka kuwa gharama ya biashara bila mtu kuandika uongo wowote.

Chukua duka linalofanana na langu. Stoki ya mwanzo ilikuwa 180,000, manunuzi ya mwaka 3,700,000, stoki ya mwisho 184,000. Gharama ya bidhaa inakuwa 3,696,000. Mauzo yalikuwa 4,200,000, basi faida ghafi ni 504,000, yaani asilimia 12. Nyumbani kwa siku ilichukuliwa pakiti moja ya unga na maziwa, na siku nyingine sukari au sabuni, wastani wa shilingi 220 kwa bei ya kununulia. Inaonekana kidogo. Kwa siku 365 ni 80,300. Ukizitoa kwenye gharama ya bidhaa unabaki na 3,615,700, na faida ghafi ya kweli ni 584,300, karibu asilimia 14.

Mzee yule alitambua kwa tofauti hiyo hiyo. Alichukua bidhaa zangu kumi zinazotoka sana, akatazama bei ya kununua na ya kuuza, akaona kwamba duka la aina hii lilistahili kubakiwa na kama 14 katika kila mia. Mimi nilikuwa na 12. Bidhaa zilizopotea zimekwenda wapi? Panya na mikate iliyooza havifikii kiasi hicho. Ofisa wa KRA anaweza kufanya hesabu ile ile kwa dakika tano, na ana miaka mitano ya kurudi nyuma kurekebisha makadirio yako. Kodi iliyopungua hutozwa riba ya asilimia 1 kwa kila mwezi iliyochelewa.

Dawa yake ni daftari dogo lililofungwa kamba kando ya mizani. Kila kinachokwenda nyumbani kinaandikwa: tarehe, kitu, bei ya kununulia. Mke wangu huandika, watoto huandika, nami huandika. Mwisho wa mwezi najumlisha na kupunguza jumla hiyo kwenye manunuzi. Wiki za kwanza mtasahau, hilo si kitu. Ukiona mwezi mzima umeandikwa mara tatu tu wakati nyumbani mnakula kila siku, jua daftari halifanyi kazi. Mwenzangu mmoja aliona taabu ya kuandika akaamua nyumbani kwake walipie kama wateja wengine, kwa pesa taslimu. Hiyo pia ni sawa, mradi pesa iingie kwenye droo na ihesabiwe kama mauzo.

Mlango wa pili ni vitu vinavyotumiwa na pande mbili. Mimi naishi nyuma ya duka, mita ya stima ni moja, na friji ya soda iko upande wa mbele. Mwanzoni nilikata nusu kwa nusu kwa kubahatisha, na kubahatisha hakuwezi kukutetea mbele ya mtu. Nikamwita fundi akafunga mita ndogo kwenye waya unaokwenda nyumbani. Mwezi mmoja mita kubwa ilitumia yuniti 90, ndogo ilionyesha 36. Nyumba basi inatumia asilimia 40 na duka 60. Tokeni za shilingi 2,700 kwa mwezi zinalipa duka 1,620, ambazo kwa mwaka ni 19,440. Hiyo ndiyo naiandika, pamoja na picha za mita zote mbili.

Mkopo hugawanywa kwa njia hiyo hiyo. Marejesho ya mkopo wenyewe si gharama. Riba ndiyo gharama, tena ile ya pesa zilizoingia dukani tu. Ukikopa 200,000, ukanunua bidhaa za 150,000 na 50,000 ukalipa karo, robo tatu ya riba ni ya duka. Riba ikiwa 24,000, andika 18,000. Kitu kisichopimika upande wa duka na upande wa nyumba, mimi sikiandiki kabisa. Simu ilinisumbua hivyo mpaka nilipotenga laini ya duka, na malipo ya wateja yakaanza kuingia kwenye namba ya till ya M-Pesa badala ya simu yangu.

Weka sasa hesabu nzima ya duka lile. Faida ghafi ya kweli ni 584,300. Toa pango la mwaka la upande wa duka 96,000, stima 19,440, leseni ya kaunti 7,000, usafiri wa bidhaa 36,000 na riba 18,000. Jumla ya gharama ni 176,440, unabaki na faida ya 407,860. Kodi ya mtu binafsi ni asilimia 10 kwa 288,000 za kwanza, asilimia 25 kwa 100,000 zinazofuata, na asilimia 30 kwa 19,860 zilizobaki. Inakuja 59,758. Ondoa nafuu ya kila mlipakodi ya 28,800 kwa mwaka, unalipa 30,958. Kwenye TOT duka lile lile lingelipa asilimia 3 ya 4,200,000, yaani 126,000.

Na lau ungeacha unga, stima ya nyumba na riba ya karo ndani ya gharama za duka? Faida ingeonekana 308,600 na kodi 5,150. Hizo 25,808 zilizopungua ndizo deni litakalokusubiri na riba yake, ilhali kwa hesabu safi tayari umeokoa zaidi ya elfu tisini na tano.

Kuna jambo moja linaloangusha hata gharama ambayo ni ya duka kwa haki yote. Tangu tarehe 1 Januari 2024 gharama isiyo na ankara ya eTIMS, yaani ankara ya kielektroniki ya KRA, haikubaliki, isipokuwa chache zilizosamehewa, kama mishahara na ada za benki. Unaponunua kwa muuzaji wa jumla, mpe PIN yako kabla hajatoa ankara, kwa sababu ankara isiyo na PIN ya mnunuzi haikutambui. Mwenye nyumba naye mwombe ankara ya pango. Kwa watu wadogo wasio na ankara, mkulima anayekuletea mayai au mwenye mkokoteni, tangu mwisho wa 2024 sheria inakupa wewe mnunuzi njia ya kutoa ankara kwa niaba ya muuzaji ambaye mauzo yake hayazidi milioni 5 kwa mwaka. Lakini utahitaji PIN yake, kwa hiyo iulize siku ya kwanza ya kufanya naye biashara, si Juni mwakani ukiwa unajaza ritani kwenye iTax na tarehe 30 iko mlangoni.

Rafu, kaunta na friji usizikate zote mwaka ulionunua. Rafu za 30,000 hukatwa asilimia 10 ya bei ya kununulia kila mwaka, kwa mafungu sawa: mwaka wa kwanza 3,000, wa pili 3,000, na kuendelea hivyo.

Ankara zangu naziweka kwenye bahasha kumi na mbili, moja kwa kila mwezi, na lile daftari la nyumbani linakaa ndani ya bahasha ya Desemba pamoja na karatasi ya kuhesabu stoki. Naziweka kwa miaka mitano. Usiku wa tarehe 31 Desemba tunafunga mapema, mwanangu mkubwa anahesabu rafuni, mimi naandika, na kabla hatujamaliza namwuliza mama yake jikoni ana nini ambacho bado hakijaandikwa.