Potasiamu 8.2 na mgonjwa anakunywa uji

Wiki jana msomaji mmoja wa Kakamega aliniandikia akiwa amekasirika. Anajiandaa kwa mtihani wa kutoa damu, ule ambao wengi wetu huku tunaufukuzia tukiwa na kazi za ng'ambo akilini, na swali moja la mazoezi limemnyima usingizi. Seramu ina potasiamu 8.2, kalsiamu 0.6, kimeng'enya cha ALP kiko chini sana, lakini sodiamu na kreatinini ni za kawaida. Mtoa damu alifanya nini? Yeye alichagua "chembe nyekundu zilipasuka" akakosa. "Dada, mpangilio wa kujaza tyubu kwa rangi za vifuniko naujua kwa ghibu," aliandika. "Chupa za kuotesha vijidudu, buluu hafifu, nyekundu, kijani, zambarau, kijivu. Sasa wananinyima alama kwa nini?"

Wanakunyima kwa sababu swali halikuulizi rangi zinafuatana vipi. Linakuuliza kilichomo ndani ya tyubu kinafanya nini kikiingia pasipo pake.

Nilijifunza hilo zamu ya usiku, katika hospitali moja huku Nyanza ambayo sitaitaja. Mashine ilitoa majibu karibu sawa kabisa na hayo ya swali. Mgonjwa alikuwa mzee aliyelazwa kwa kidonda cha mguu. Kabla sijamaliza kuitazama karatasi, wodi ilishapata habari na walikuwa wanaandaa dawa za kushusha potasiamu. Nikaomba wasubiri kidogo. Nilipanda wodini mwenyewe nikamkuta mzee ameketi kitandani, kikombe cha uji mkononi, akimlalamikia muuguzi kwamba sukari haikutosha. Kipimo cha moyo kilikuwa sawa. Mtu mwenye kalsiamu 0.6 ya kweli hakai akidai sukari. Misuli ingekuwa inamkaza na huenda angekuwa na degedege.

Tukatoa damu upya: potasiamu 4.2, kalsiamu 2.3. Baadaye ikajulikana kwamba mshipa ulikuwa umegoma, tyubu nyekundu ikabaki pungufu, na mwanafunzi mmoja akaijazia kwa damu ya tyubu ya zambarau. Lakini kabla ya hilo kujulikana, mkubwa mmoja alishanifokea mbele ya watu kwamba maabara yangu ni ya kubahatisha. Hakurudi kuniambia pole mpaka leo. Nimesamehe, ila sijasahau, na pengine ndiyo sababu kila Jumamosi nikikaa na vijana wangu hapa Kisumu swali hili halikosekani. Wa mwisho kufanya mtihani amepita, na hili lilimtokea karibu neno kwa neno. Najivuna, mnivumilie.

Sasa tuingie ndani. Tyubu ya zambarau ina EDTA, na katika tyubu nyingi EDTA hiyo imefungamana na potasiamu. Kazi yake ni kuikamata kalsiamu ili damu isigande, jambo linalofaa kabisa kwa kuhesabu chembe za damu. Ikimwagika kwenye nyekundu, mambo mawili yanatokea pamoja: potasiamu inaongezeka, na kalsiamu inatoweka kwa sababu imeshikwa. ALP nayo inashuka kwa kuwa kimeng'enya hicho kinahitaji zinki na magnesi, na EDTA inazikamata hizo pia. Sodiamu na kreatinini haziguswi.

Hesabu yenyewe si ngumu. Tyubu ya zambarau iliyojazwa hadi alama yake ina takriban milimoli 16 za potasiamu ya ziada katika kila lita ya plazma, juu ya ile ya mgonjwa. Mimina mililita 1 ya damu hiyo juu ya mililita 3 za nyekundu, na EDTA imekuwa robo ya nguvu yake: unaongeza 4. Mzee wetu alikuwa na 4.2. Ongeza 4 na unapata 8.2. Na kama ile ya zambarau nayo ilikuwa imejazwa nusu, dawa iliyomo ni nzito maradufu na uharibifu unakuwa mkubwa zaidi.

Kwa hiyo ukiona potasiamu imepanda, jicho liende kwenye kalsiamu kabla hujachagua jibu. Hapo ndipo msomaji wangu alipoteleza. Chembe zikipasuka, potasiamu hupanda kweli, lakini kalsiamu haianguki hivyo, na seramu yenyewe huonekana ya waridi au nyekundu. Damu ikilala usiku kucha kabla ya kutenganishwa, potasiamu inavuja kutoka kwenye chembe na kalsiamu inabaki pale pale. Mpira ukikazwa mkononi muda mrefu huku mgonjwa akifunguafungua ngumi, potasiamu hupanda kiasi, na kalsiamu ikisogea inasogea juu. Figo zikiwa ndizo zenye shida, kreatinini ingesema. Ni EDTA inayokupa potasiamu ya kutisha na kalsiamu iliyoporomoka kwa mgonjwa asiye na dalili yoyote.

Kuna jibu moja la karibu ambalo watahini wanalipenda: tyubu ya kijivu. Nayo mara nyingi ina oksaleti ya potasiamu, na oksaleti pia huikamata kalsiamu. Lakini mle ndani kuna floraidi ya sodiamu, kwa hiyo sodiamu ingepanda nayo. Swali likikwambia sodiamu ni ya kawaida, kijivu kiondoe.

Niseme pia jambo ambalo vitabu vya mazoezi hulipita haraka. Ukitumia sindano na tyubu za kujivuta zenyewe, mkono wa mgonjwa ukiwa umeelekea chini, kinachobebwa na sindano kutoka tyubu moja hadi nyingine ni kidogo mno, na mara nyingi hakifikishi potasiamu kwenye 8. Mpangilio unabaki kuwa kinga, na mtihani unautaka, basi ushike. Ila majibu ya kutisha kama yale hutokana zaidi na kumimina, au na sirinji ambayo ncha yake imegusa damu ya zambarau kisha ikaingizwa kwenye nyekundu. Kwa hiyo kati ya "alianza na zambarau" na "alimimina kutoka zambarau", namba zikiwa kubwa namna hii chagua kumimina. Nyekundu ikipungua, iache ipungue, au toboa upya. Msiniambie wodi ina haraka. Haraka hiyo hiyo nusura imchome mzee dawa asiyoihitaji.

Hatari zaidi ni pale namba zinapoonekana nzuri. Chukua mama aliyetapika na kuhara siku kadhaa, potasiamu yake halisi 2.6. Mtu akimimina nusu mililita ya zambarau kwenye mililita 3.5 za nyekundu, ongezeko ni kama 2, na karatasi inasoma 4.6. Hakuna anayeshtuka, na mama ananyimwa potasiamu anayoihitaji. Kinachobaki kusema ukweli ni kalsiamu, ambayo itakuwa imeshuka hadi karibu 1.4. Maswali ya namna hii yapo, na jibu halijawahi kuwa "rudia kipimo kwenye tyubu ile ile", kwa sababu mashine itatoa 4.6 tena, safi kabisa. Sampuli inakataliwa, wodi inaambiwa sababu, na damu inatolewa upya, nyekundu ikitangulia zambarau.