Nusu tufe imara: kwa nini ni 3r/8, na r/2 inatoka wapi

Swali: "Wakuu, niko Mwanza, kidato cha sita PCM. Natafuta kitovu cha uzito cha nusu tufe imara kwa intigresheni, kila nikirudia napata r/2 toka kwenye uso bapa. Majibu yanasema 3r/8. Nakosea wapi? Na nikiwa kwenye mtihani nitajuaje jibu langu si sahihi?"

Mkuu, hiyo r/2 si jibu la ovyo. Ni jibu sahihi la umbo jingine, yaani bakuli jembamba lenye umbo la nusu tufe, tupu ndani. Hesabu yako huenda haina kosa hata moja la aljebra, ila umepima ganda la chungwa badala ya chungwa.

Weka katikati ya uso bapa kwenye chanzo, na mhimili wa x upande juu kuelekea kileleni. Kwa kuwa umbo lina ulinganifu kuzunguka mhimili huo, kitovu kiko juu yake, kwa hiyo kinachotafutwa ni umbali mmoja tu. Ukichukua utepe wa mzunguko wenye mzingo 2πy na upana ds uliolala juu ya tao, eneo lake ni 2πy ds. Kwenye duara y ds = r dx, hivyo utepe unakuwa 2πr dx, na x imetoweka. Maana yake kila sentimita ya kimo ina eneo lile lile la ngozi, iwe chini karibu na uso bapa au juu kileleni. Kitu kilichogawanyika sawasawa kuanzia 0 hadi r, kitovu chake lazima kiwe r/2.

Umbo imara halikatwi kwa tepe, linakatwa kwa visahani vilivyolala sambamba na uso bapa. Kisahani kilicho kwenye kimo x kina nusu kipenyo y, ambapo y² = r² − x², na unene wake ni dx. Si ds. Hapa ndipo wengi wanateleza: unene wa kisahani hupimwa wima, kufuata mhimili, hata kama ukingo wake umeinama. Ujazo wake ni π(r² − x²) dx, na mchango wake kwenye momenti ni x mara ujazo huo:

```
M = ∫₀ʳ πx(r² − x²) dx = π[r²x²/2 − x⁴/4]₀ʳ = πr⁴/4
V = ∫₀ʳ π(r² − x²) dx  = π[r²x − x³/3]₀ʳ   = 2πr³/3
M/V = (1/4) ÷ (2/3) × r = 3r/8
```

Mipaka ni 0 hadi r. Ukiweka −r hadi r umechukua tufe zima na momenti inakuwa sifuri. Kama chanzo umekiweka kileleni utapata 5r/8, nayo ni sahihi mradi useme imepimwa toka wapi. Arkimede wa Sirakusa aliujua mgawanyo huo wa 5 kwa 3 kwenye mhimili zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, kabla mtu yeyote hajaandika alama ya intigrali.

Sasa suala la mtihani. Usitegemee kukumbuka jibu, kata nusu tufe vipande vinne kwa mkono. Chukua r = 12. Kila kipande kina unene wa 3, na katikati ya vipande ni x = 1.5, 4.5, 7.5 na 10.5. Andika r² − x² kwa kila kimoja: 141.75, 123.75, 87.75, 33.75. Jumla ni 387. Zidisha kila moja kwa x yake ujumlishe, unapata 1782. Gawanya: 1782 ÷ 387 ni kama 4.6. Sikuandika π wala unene kwa sababu viko juu na chini, vinakatana. Jibu halisi ni 3 × 12 ÷ 8 = 4.5, wakati r/2 ingekuwa 6. Vipande vinne tu vimeshaikataa 6 bila ubishi. Tazama pia kipande cha juu kilivyo kidogo, 33.75 dhidi ya 141.75 ya chini. Hapo unaona kwa nini kitovu kinashuka chini ya nusu ya kimo.

Kosa jingine lina alama yake. Ukipata 4r/(3π), yaani kama 0.424r, umesahau kupandisha y kipeo cha pili, au umetumia ds kama unene wa kisahani. Ajabu ni kwamba makosa haya mawili tofauti yanatoa namba moja, na ndiyo ya bati bapa lenye umbo la nusu duara. Dawa ni kuangalia ujazo kabla ya kugusa momenti. Kama V haikutoka 2πr³/3, simama hapo hapo, kosa liko kwenye kisahani chako.

Ukitaka kuliona kwa macho, tengeneza nusu tufe ya saruji yenye r = 12 cm. Kata mpira mgumu wa plastiki wenye kipenyo cha 24 cm, ufukie ndani ya mchanga mkavu ili usitanuke, ujaze saruji na mchanga wa ziwani uliochekechwa, usawazishe juu kwa ubao. Ujazo ni kama lita 3.6, kwa hiyo jiwe litakuwa na kilo 7 hadi 8. Usitie kokoto na usilegeze mchanganyiko kama uji, maana vizito vitazama upande wa kuba na kitovu kitahama. Chomeka msumari mwembamba kwenye ukingo kabisa wa uso bapa kabla haijakauka.

Ikikauka, funga kamba kwenye msumari huo uining'inize kwenye boriti. Kitovu lazima kikae wima chini ya kamba, kwa hiyo uso bapa utainama kwa pembe θ toka wima, ambapo tan θ = (3r/8)/r = 3/8, yaani digrii 20.6. Kupima pembe kwa protrakta kunasumbua. Badala yake, kwenye boriti ile ile ning'iniza timazi hadi uzi wake uguse ncha ya chini ya uso bapa, iliyo mkabala na msumari, kisha pima kwa mlalo kati ya kamba na uzi. Hesabu ni 24 × sin θ, kama 8.4 cm. Kama kitovu kingekuwa r/2 ungepata 10.7 cm. Tofauti ya sentimita mbili na ushee inaonekana hata kwa futi ya fundi.

Fanyia ndani ya nyumba, maana upepo wa ziwani wa mchana unachezesha timazi. Angalia pia msumari: ukiingia sentimita moja ndani ya ukingo, pembe inapanda hadi kama digrii 22 na utadhani fomula imekosea.

Mpira ukibonyea kidogo, usitupe jiwe. Pima kina h toka uso bapa hadi kileleni. Kama limekuwa duaradufu lakini uso bapa bado ni duara, kila kisahani kimesogezwa kwa uwiano mmoja kufuata mhimili, kwa hiyo kitovu kiko 3h/8 na tan θ inakuwa 3h/(8r). Kwa h = 11 cm, kitovu kiko 4.1 cm na pembe ni kama digrii 19.