Ovataimu na posho ya zamu zikivuka daraja la kodi

Swali: "Mwezi huu nimepiga ovataimu na zamu za usiku, kodi imepanda sana. Wenzangu wanasema ukishaingia daraja la juu ni kama umefanya kazi ya bure, bora kukataa saa za ziada. Kuna ukweli?"

Hapana. Kiwango cha daraja la juu kinakata kile kipande tu kilichovuka mpaka, na pesa iliyo chini ya mpaka inaendelea kukatwa kama siku zote. Tupige hesabu kwa jedwali la mfano, kisha uweke viwango vya nchi yako: 1,000 ya kwanza ya mwezi haikatwi, 1,000 ya pili inakatwa asilimia 10, ya tatu asilimia 20, na kinachozidi 3,000 asilimia 30.

Mshahara wa msingi ni 2,600. Kodi yake ni 100 ya daraja la pili na 120 ya daraja la tatu, jumla 220, unabaki na 2,380. Sasa ongeza posho ya zamu 150 na ovataimu ya saa 20. Kwa wiki ya saa 40, mwezi una wastani wa saa 173.33 (40 mara 52, gawa kwa 12), kwa hiyo saa moja ni 15. Ikilipwa mara moja na nusu inakuwa 22.50, na saa 20 zinaleta 450. Nyongeza yote ni 600.

Angalia hiyo 600 inavyogawanyika. 400 ya kwanza inajaza nafasi iliyobaki hadi 3,000 na kukatwa 80. Ni 200 ya mwisho tu inayoingia kwenye asilimia 30, inakatwa 60. Kodi mpya ni 360 na mkononi unabaki na 2,840, yaani 460 zaidi ya mwezi usio na ovataimu wala posho ya zamu. Kinachowatisha watu ni kuona kodi imepanda kwa zaidi ya nusu wakati mapato hayajapanda hata robo. Hilo ni la kawaida kabisa, kwa sababu ile 1,000 isiyokatwa ilishatumiwa na mshahara wa msingi.

Makosa ya mfumo wa mishahara yapo, na jedwali hilohilo linayafichua. Kama nyongeza yote 600 imekatwa asilimia 30, kodi itasomeka 400 badala ya 360. Na kama 3,200 nzima imekatwa asilimia 30, itasomeka 960, hapo ndipo kweli utapokea chini ya mwezi wa kawaida. Ukiona hivyo, nenda kwa mhasibu wa mishahara na hesabu yako mkononi, daraja kwa daraja. Lakini kabla ya kulalamika, tazama kwenye hati ya mshahara kama mchango wa pensheni nao umepanda. Pale unapokokotolewa kwenye mapato yote, ovataimu inauongeza pia, na watu wengi huhesabu ongezeko hilo kama kodi.

Mahali ambapo daraja linauma kweli ni ovataimu inayocheleweshwa. Chukua mtu huyohuyo, posho ya zamu analipwa kila mwezi, ila ovataimu ya miezi 3, yaani 1,350, inalipwa yote mwezi wa tatu. Miezi miwili ya kwanza ana 2,750 na kodi ni 250 kila mwezi. Mwezi wa tatu ana 4,100 na kodi ni 630. Jumla ni 1,130. Angelipwa 450 kila mwezi, kodi ingekuwa 360 mara tatu, yaani 1,080. Ile 50 ya ziada inatoka hapa: miezi miwili ya kwanza iliacha nafasi ya 250 kila mmoja chini ya 3,000, na hiyo 500 ikahamia kwenye asilimia 30 badala ya 20.

Kama 50 hiyo itarudi inategemea kodi yenu inavyofungwa. Uingereza, kwa kawaida, makato huhesabiwa kwa kujumlisha tangu mwaka wa kodi uanze, hivyo nafasi ya miezi iliyopita haipotei. Kwingine kila mwezi unahesabiwa peke yake, na unarudishiwa pale tu mapato ya mwaka mzima yanapokokotolewa upya, mara nyingi kwa wewe kuwasilisha ritani. Hapo tunza hati za mshahara za miezi yote, pamoja na karatasi ya saa zilizosainiwa inayoonyesha ovataimu ilifanyika mwezi gani.

Kitu kimoja kinaweza kuwapa wenzako haki kidogo: nafuu au ruzuku inayokatika ghafla mapato yakipita kiasi fulani. Hiyo si daraja la kodi, ina masharti yake, na mtu anayeipokea aangalie kikomo chake kabla ya kukubali saa za ziada. Asiyeipokea, saa 20 zile pamoja na posho ya zamu zinamlipa 460 kama tulivyoona.