Cheki za mbele kwa kodi ya ghala la dagaa: siku hela isipotosha

"Wakuu, nimepata ghala la dagaa Kibirizi, Kigoma, kodi 900,000 kila miezi mitatu. Mzee mwenye ghala anataka cheki nne zenye tarehe za mbele, anasema ni dhamana tu. Siku ikifika hela haipo, inakuwaje? Naweza kufungwa?"

Mkuu, hilo neno "dhamana" linaishia mdomoni kwa mzee. Kwa benki cheki ni cheki: tarehe ikishafika na sahihi ni yako, aliyeishika anaipeleka na benki yako inalipa. Haimuulizi mtu mlipatana nini.

Anza na mwezi, wa angani. Dagaa wanavuliwa giza, mbalamwezi watu wanatundika nyavu, kwa hiyo hela yako nayo inakuja kwa giza. Miezi mitatu ya kalenda mara nyingi ni siku 91 au 92, mitatu ya angani ni kama 89. Ukiandika cheki zote tarehe 5, ya kwanza ikiangukia umetoka kuuza mzigo, ya pili imesogea siku tatu kwenye mbalamwezi, ya tatu sita, ya nne tisa. Kufikia hapo hela imesharudi kwenye mzigo mwingine au imeliwa. Chukua kalenda yenye alama za mwezi, upange kila cheki tarehe yake, siku chache baada ya giza kuisha. Mzee hapungukiwi kitu. Na usisahau kufungwa kwa Ziwa Tanganyika: 2024 uvuvi ulisimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Cheki ya Julai mwaka kama huo unailipa kwa akiba, si kwa mauzo.

Hela isipotosha, benki hailipi nusu. Ukiwa na 890,000 kwenye akaunti, cheki ya 900,000 inarudi nzima, na makato ya cheki kurudi yanakungoja. Wengi hawakamatwi kwa kukosa hela, wanakamatwa na makato: ada ya mwezi au rejesho la mkopo linapita asubuhi, salio linashuka chini kidogo tu ya kiasi cha cheki. Acha ziada ya kama 50,000, na uweke fedha taslimu siku moja kabla. Cheki ya mteja wako uliyoiingiza jana usiihesabu mpaka ikomae. Ikirudi, mzee anapewa karatasi yenye sababu, na anaweza kuirudisha benki siku nyingine bila kukuambia. Ndiyo maana hela ya wiki ijayo uliyoipangia mzigo inaweza kuondoka ghafla.

Ukiona mapema kwamba hutafikisha, nenda kwa mzee kabla ya tarehe, si baada. Mpe cheki mpya yenye tarehe mpya, na ya zamani irudi mkononi mwako hapohapo. Hapa ndipo panaumiza kuliko pote: mtu analipa taslimu au kwa simu, cheki inabaki kwenye droo, miezi miwili baadaye inaingia benki. Umelipa mara mbili, na sasa wewe ndiye unayehangaika kumdai mzee. Asipoirudisha, iandikie benki barua ya kuzuia malipo ukitaja namba ya cheki, kiasi na tarehe. Ifike kabla ya cheki, kwa sababu iliyokwisha kulipwa haizuiliki. Kuzuia malipo hakufuti deni.

Kufungwa? Kukosa hela siku ya cheki kwa kawaida ni deni la madai. Cheki yenye tarehe ya mbele yenyewe inamwambia mpokeaji kwamba leo hela haijawa tayari. Lakini ukitoa cheki ya akaunti uliyokwisha kuifunga, hiyo si bahati mbaya tena, inaonekana udanganyifu, na kesi yake inaweza kuwa ya jinai. Hata upande wa madai usiudharau: sheria ya mwenendo wa madai, Amri ya 35, inamruhusu mwenye cheki kufungua shauri la njia fupi, na wewe unaomba kwanza ruhusa ya mahakama ndipo ujitetee.

Kwa hiyo andikeni karatasi moja, nakala mbili, sahihi zenu na shahidi. Namba za cheki zote nne, kiasi na tarehe ya kila moja, kwamba ni za kodi ya ghala hilo tu, kwamba haziendi benki kabla ya tarehe, na kwamba ukilipa kwa njia nyingine cheki ya kipindi hicho inarudi siku hiyohiyo. Kwenye cheki andika jina la mzee kamili, piga mistari miwili kona ya juu kushoto, jaza kiasi kwa maneno bila kuacha nafasi. Tarehe usiiache wazi hata akisema "tutajaza baadaye", maana atakayejaza si wewe. Kishina cha kila cheki andika imeenda kwa nani na ya miezi ipi.

Akikataa kuweka sahihi kwenye hiyo karatasi, mpe cheki moja ya robo ya kwanza, nyingine zibaki kitabuni.