Kuzima wekundu wa nywele kwa kijani: uchanganye kiasi gani

Swali: "Wakuu, niko Lindi mjini, nina saluni ndogo. Mteja ana nywele zenye dawa, zilitiwa blichi kisha rangi nyekundu ya mvinyo. Sasa anataka kahawia ya kawaida. Nimempaka kahawia namba 5, imetoka kama kutu. Naambiwa nitie kijani. Nitie kiasi gani isije ikatoka kijani kweli?"

Dada, namba 5 yako haikuwa mbovu. Kahawia ya asili ina nyekundu, njano na bluu ndani yake kwa pamoja, kwa hiyo ukiipaka juu ya nywele ambazo tayari zimejaa nyekundu unakuwa umeongeza nyekundu juu ya nyekundu. Bluu na njano zilizomo haziwezi kuubeba mzigo wote huo. Halafu rangi haiondoi rangi: tyubu mpya haitoi ile ya zamani, inakaa pamoja nayo. Kinachobaki ni kuifunika na kinyume chake.

Kwenye gurudumu la rangi, nyekundu inatazamana na kijani, chungwa inatazamana na bluu, njano inatazamana na zambarau. Rangi mbili zinazotazamana zikikutana kwa uzito unaolingana, zote mbili zinazimika na unabaki na kahawia au kijivu. Hilo neno "uzito unaolingana" ndilo linalowaangusha wengi. Kijani kikizidi wekundu uliopo, kile cha ziada hakina cha kuzima, kinaonekana.

Kwa hiyo kabla ya tyubu, soma nywele. Zioshe kwa shampuu mara mbili bila stimingi (mafuta ya nazi yakibaki, rangi inashika kwa mabaka), zikaushe, kisha mtoe mteja nje kwenye mwanga wa jua. Usipimie chini ya taa ya saluni. Tazama mambo mawili: nywele ziko namba ngapi kwa weusi na wepesi, na wekundu wake unaelekea wapi. Nywele za namba 4 huwa na wekundu mtupu chini yake, za 5 wekundu unaoingia chungwa, za 6 chungwa, za 7 chungwa yenye njano. Mvinyo uliopauka juu ya blichi mara nyingi una sura tatu kwenye kichwa kimoja: karibu na ngozi mwekundu, katikati kutu, ncha karibu njano. Ukipaka mchanganyiko mmoja kote, ncha ndizo zitakazokuwa kijani, kwa sababu wekundu wa kuzima umeshaondoka huko.

Tuseme sehemu kubwa ya nywele zake ni namba 5 na wekundu wake umekolea. Mchanganyiko wa kuanzia kwa nywele zinazofika mabegani ni gramu 40 za namba 5 ya asili na gramu 20 za namba 5 ya kijani, yaani kijani theluthi moja ya rangi yote. Pima kwa mizani, si kwa macho. Divelopa iwe ya 10 (3%), mililita 60 ikiwa tyubu yako inasema moja kwa moja. Ikisema moja kwa mbili, fuata tyubu. Usipande hadi 20 au 30. Hapa hutaki kufungua nywele, na kila unapozifungua unaibua wekundu mwingine kutoka chini, halafu kijani chako hakitoshi tena.

Kama ile kutu ina chungwa ya wazi, punguza kijani hadi gramu 10 na utie gramu 10 za namba 5 ya majivu yenye bluu. Kwa ncha zilizopauka tengeneza bakuli la pili: gramu 25 za namba 5 ya asili na gramu 3 tu za kijani. Mimi hata hizo 3 naziacha kama ncha ni njano kabisa, natia gramu 5 za namba 5 ya dhahabu ya shaba badala yake, kwa kuwa ncha za namna hiyo zimepungukiwa na joto.

Kijani lazima kiwe cha kina kilekile. Namba 8 ya kijani juu ya nywele za namba 5 ina rangi kidogo mno, wekundu utaimeza na utaona kama hukufanya kitu. Namba 3 itazima, lakini utatoka na weusi wenye mng'ao wa ukoka, na weusi huo kuutoa tena ni kazi ya blichi kwenye nywele zilizochoka. Ukiwa na shaka kati ya namba mbili, shuka moja, kamwe usiruke mbili.

Sasa namba za kwenye tyubu. Kampuni hazikubaliani. Kwenye Wella, /2 ni kijani na /6 ni zambarau. Kwenye L'Oréal, .2 ni zambarau, .6 ni nyekundu, kijani ni .7. Mtu anayesikia "tia 5.2" akachukua tyubu ya kampuni nyingine anatia zambarau juu ya mvinyo, na zambarau na nyekundu ni majirani kwenye gurudumu, hazizimani, zinashikana. Huku kwetu Lindi na Mtwara tyubu za kijani hazikai madukani kama za mvinyo, mara nyingi unaagiza Dar zikaja na basi, kwa hiyo mpe muuzaji jina la kampuni pamoja na namba, na ukipokea soma chati ya kampuni hiyohiyo.

Kabla ya kichwa chote, kata kishungi kidogo kutoka ndani ya kisogo, pale penye wekundu mwingi, na kingine kutoka ncha. Paka, subiri, suuza, kausha, tazama nje. Rangi iliyo bakulini inageuka nyeusi kadiri inavyokutana na hewa, usiisikilize. Kishungi kikitoka bado kina joto, ongeza kijani gramu 5 na uondoe gramu 5 za asili, kisha jaribu tena. Kikitoka na uchafu wa kijani, punguza vivyo hivyo.

Ukipaka, anza penye wekundu zaidi, ncha mwisho kabisa. Kuanzia dakika ya 10 futa uzi mmoja kwa taulo lenye unyevu na uangalie. Saluni yenye joto kali inaharakisha kazi, na rangi ikianza kukauka juu ya nywele inashika kwa mabaka, kwa hiyo funika kwa kofia ya plastiki. Kijani kikionekana baada ya kusuuza, usipake nyekundu ya tyubu nzima: changanya namba 5 ya asili na gramu 2 au 3 za nyekundu, dakika 5, ukiangalia.

Jambo moja la pwani: uliza kama aliwahi kutia hina au piko. Hina ya unga safi inavumilia rangi, lakini zile za pakiti zenye chumvi za madini zikikutana na divelopa zinaweza kuchemka juu ya kichwa. Kishungi chake kitumbukize nusu saa kwenye mililita 30 za divelopa ya 20 yenye matone 20 ya amonia. Kikipata moto, kikitoa povu au kikigeuka rangi, acha kabisa. Na kipimo cha mzio nyuma ya sikio saa 48 kabla usiruke, hasa kwa aliyewahi kuwashwa na piko.

Mwambie pia mteja kwamba toni za baridi hutangulia kuoshwa. Baada ya wiki chache wekundu utaanza kuchungulia, na hapo atahitaji tona ya kijani hafifu isiyo na amonia, si kupakwa upya kichwa kizima.